Kete Saba Kwenye Pembe ya Ubao

Weka mbele yako ubao wa sataranji, au chesi kama wengi tunavyoiita, ukae upande wa kete nyeupe. Safu zinazokwenda mbele zinaitwa kwa herufi, a hadi h, kuanzia mkono wako wa kushoto. Mistari inayokatiza inahesabiwa kwa namba: 1 ni ule ulio karibu nawe, 8 ni ule wa mwisho. Kwa hiyo a1 ni pembe iliyo karibu na mkono wako wa kushoto, na ukiifuata safu hiyo hadi mwisho unafika pembe ya a8. Mfalme mweusi mweke hapo a8. Ubavuni mwake, b8, mweke askofu wake. Mbele yao, a7 na b7, simamisha askari wawili weusi.

Sasa kete nyeupe. Mfalme yuko c8, jirani kabisa na askofu mweusi. Askari mmoja yuko b6. Ngome iko peke yake huku chini, a1. Zimetimia kete saba: tatu nyeupe na nne nyeusi.

Agizo ni hili: Mweupe anaanza, na hatua yake ya pili iwe mati, Mweusi ajibu atakavyojibu.

Fumbo hili lilichapishwa mwaka 1856 katika gazeti la New York Clipper, kwa jina la Paul Morphy, kijana wa New Orleans ambaye mwaka uliofuata alishinda mashindano makubwa ya kwanza ya sataranji ya Marekani. Mimi nimelitumia miaka mingi kuwafundishia watu namna mafumbo yanavyotungwa, kwa sababu ni dogo kiasi kwamba unaweza kulichunguza lote kwa mkono, bila kubakiza hata hatua moja. Kama hujawahi kuliona, acha kusoma kidogo ulijaribu, maana hapa chini jibu liko wazi.

Kwanza tuelewane fumbo ni nini. Katika mchezo wa kawaida, ukipata njia tatu za kushinda ni heri yako, chagua yoyote. Katika fumbo, njia tatu ni aibu ya mtunzi. Hatua ya kwanza ya Mweupe, ambayo tunaiita ufunguo, lazima iwe moja tu. Ikipatikana nyingine inayofikisha mati kwa wakati uleule, fumbo limeharibika, kama kufuli linalofunguliwa na funguo mbili tofauti. Na ikiwa ufunguo alioukusudia mtunzi una jibu moja tu la Mweusi linaloukwepa, nalo pia limeharibika, kwa sababu kufuli hilo halifunguki kabisa. Mtunzi anatembea kati ya hatari hizo mbili muda wote.

Tulitazame fumbo letu kwa macho ya mtu anayelitatua. Jambo la kwanza analoliona ni askari mweusi wa a7. Ngome inamtazama kutoka chini, na askari mweupe wa b6 naye anailinda a7. Basi ngome imle askari, iwe cheki. Lakini askofu wa b8 anairukia ngome palepale, na shambulio limekwisha.

Anagundua kitu kingine. Askofu huyo ndiye mlinzi pekee wa a7. Akiondoka b8, kwenda popote pale, ngome itamla askari wa a7 na mfalme atakuwa hana pa kukimbilia. Hawezi kuila ngome, kwa kuwa inalindwa na askari wa b6. Hawezi kwenda b8, kwa kuwa mfalme mweupe wa c8 anaigusa. Na b7 imezibwa na askari wake mwenyewe. Hiyo ni mati. Kumbe Mweupe hahitaji kushambulia. Anahitaji tu Mweusi alazimike kucheza.

Mchezaji wa bao atalielewa hili upesi. Mtaji ukikosekana ni lazima utakate, na kutakata huko mara nyingine ndiko kunakokufungulia maangamizi, ingawa ungependa sana kuziacha kete zako zilipo. Sataranji nayo haina ruhusa ya kupisha zamu. Mweusi wa fumbo hili angepewa nafasi ya kukaa kimya, angekaa kimya mpaka kesho.

Kwa hiyo mtatuzi anaanza kutafuta hatua ya kusubiri. Ngome ibaki safu ya a, ipande kidogo tu: a2, a3, a4, au a5. Hapo ndipo anapokutana na askari wa a7. Askari huyo hawezi kumla yule wa b6, kwa sababu akihama safu ataacha mfalme wake wazi mbele ya ngome. Lakini hakuna anayemzuia kusogea mbele. Akienda a6, ngome ikimla, askari wa b7 anailipiza kwa kuila ngome, na hatua mbili zimekwisha bila mati. Mtatuzi anafikiri: basi nimzuie mapema, ngome iende a5. Haisaidii, kwa sababu a6 bado iko wazi mbele ya askari.

Mraba unaotakiwa kuzibwa ni a6 yenyewe. Na a6 ndiyo mraba ambao ngome inaliwa bure na askari wa b7. Mkono unasita hapo. Hii ndiyo kete pekee yenye nguvu aliyobaki nayo Mweupe, na anatakiwa aiweke mdomoni mwa adui.

Ngome a6. Huo ndio ufunguo. Askofu akihama, ngome inamla askari wa a7, mati. Askari wa b7 akiila ngome, ameacha mraba wake, na yule askari mweupe wa b6 aliyekuwa amezuiwa muda wote anapiga hatua moja hadi b7. Askari hula kwa mshazari, kwa hiyo kutoka b7 anampa cheki mfalme wa a8. Mfalme mweupe analinda b7, a7 imezibwa, b8 imezibwa. Mati, na mwuaji ni askari.

Wengi hudhani mtunzi anaanza na hatua ya kushangaza kisha anatafuta mahali pa kuipachika. Mimi nilianza hivyo na nikapoteza miezi. Fumbo hutungwa kutoka mwisho kuja mwanzo. Hatujui Morphy alipita njia gani, lakini tunaweza kulijenga upya fumbo lake tukaona kila kete inatoka wapi.

Anza na picha ya mwisho, ile mati ya askari. Mfalme mweusi pembeni a8, askari mweupe b7, mfalme mweupe c8 anayemlinda. Hii ni picha nzuri kwa kuwa kete dogo kuliko zote ndilo linalomaliza kazi. Sasa rudisha askari mweupe nyuma hatua moja, awe b6. Kwa nini hajaenda b7 tayari? Lazima kuwe na kitu kinachomzuia, na kizuizi cha asili ni askari mweusi aliyesimama b7. Je, askari huyo ataondokaje? Mbele yake kuna askari mweupe, hawezi kusogea. Njia yake pekee ni kula kwa mshazari, ama a6 ama c6. Kwa hiyo Mweupe inabidi aweke chambo kwenye mmoja wa miraba hiyo miwili.

Hapa ndipo fumbo linapozaliwa. Chambo cha c6 kingekuwa chambo tu, na Mweusi angekipuuza akacheza kwingine. Chambo cha a6 kikiwa ngome kinafanya kazi ya pili: kinaziba njia ya askari wa a7 na papo hapo kinamfunga asile b6. Kete moja, mraba mmoja, kazi tatu ukihesabu na tishio la kumla askari mwenyewe. Mtunzi akiona jambo la namna hiyo limetokea lenyewe ubaoni, ajue amepata fumbo.

Kilichobaki ni kumpa Mweusi kitu cha kucheza. Askofu wa b8 anafanya hilo, na tena ndiye anayezuia mati isitokee mapema. Mwisho kabisa ni kuchagua ngome ianzie wapi. Ingeweza kuanzia a5, na ufunguo ungekuwa uleule, lakini kutoka a5 hadi a6 ni hatua fupi inayojionyesha. Ikianzia a1, ina safari ndefu na vituo vinne vya kupotezea njiani, na kila kimoja kinaonekana salama kuliko a6.

Ufunguo unafichika kwa sababu, haufichiki kwa mapambo. Ufunguo wa cheki haufichi kitu, maana cheki ndiyo kitu cha kwanza kila mtu anachojaribu. Ufunguo wa kula kete ya mwenzako ni vilevile. Ufunguo unaomfungia mfalme mweusi mlango uliokuwa wazi nao unanuka mbali, kwani mtatuzi huanza kwa kuuliza mfalme atatorokea wapi. Ufunguo unaofichika ni ule unaokwenda kinyume na tabia ya mchezaji mzuri: unatoa kete yenye thamani, unampa Mweusi nafasi ambayo hakuwa nayo, au unaondoa kete mahali inapoonekana kufanya kazi. Kabla ya ngome kwenda a6, askari wa b7 hakuwa na hatua hata moja. Ufunguo ndio uliompa.

Sasa tuje kwenye kazi ya uchunguzi, ambayo watu hawaipendi na ndiyo inayotenganisha fumbo na wazo la fumbo.

Uchunguzi wa kwanza ni kuondoa kete moja moja. Ondoa askofu mweusi, halafu tazama: ngome inamla askari wa a7 na ni mati kwa hatua moja. Basi askofu anahitajika. Mrudishe, uondoe askari mweusi wa b7: askari mweupe anakwenda b7 na ni mati kwa hatua moja. Anahitajika. Ondoa askari mweupe wa b6: ngome haina mlinzi ikifika a7. Ondoa askari wa a7: ngome tayari inampa mfalme cheki na ni zamu ya Mweupe, nafasi isiyowezekana katika sheria. Msogeze mfalme mweupe kutoka c8 hadi d8: mwisho wa hadithi mfalme mweusi anamla askari wa b7 bila wasiwasi. Hakuna kete hata moja inayokaa bure. Ukiona katika fumbo lako kete ambayo ukiitoa hakibadiliki kitu, itoe.

Uchunguzi wa pili ni kuhesabu hatua zote za Mweupe mwanzoni. Katika fumbo hili ziko 16 tu, basi tuzimalize. Mfalme ana mbili, d7 na d8. Kwingine kote amezuiwa, ama na askofu anayeiangalia c7, ama na mfalme mwenzake. Zote mbili zinajibiwa na askari wa a7 kusogea a6. Askari wa b6 ana moja, kumla yule wa a7, na hiyo inavunjwa na askofu anapomla yeye. Ngome ina 13. Saba kati ya hizo zinaitoa kwenye safu ya a kuipeleka b1 hadi h1. Hapo askari wa a7 amefunguka na anamla yule wa b6, na hata ngome ikirudi a1 kutoa cheki, askofu anaingia a7 kukinga. Nne ni a2, a3, a4 na a5, ambazo tumeona askari anazivunja kwa kwenda a6. Moja ni kula a7, ambako askofu anaila ngome. Imebaki moja, a6. Kumi na tano zimeanguka na moja imesimama.

Halafu upande wa Mweusi baada ya ufunguo. Askofu ana hatua sita, c7 hadi h2 katika mshazari wake. Askari wa b7 ana moja, kuila ngome. Askari wa a7 hana, na mfalme hana. Jumla ni majibu saba, na kila jibu lina mati moja tu inayolifuata. Hilo la mwisho lina uzito wake: Mweupe akiwa na mati mbili tofauti kwa jibu moja la maana, fumbo halijafa, lakini limepata doa.

Nimefika hapa naikumbuka siku niliyojifunza yote haya kwa gharama. Nilikuwa kijana, nimelipenda fumbo hili kupita kiasi, nikaona nitalikuza. Morphy alitoa ngome. Mimi nitatoa malkia. Nikaweka malkia mweupe a1 badala ya ngome, kete nyingine zote zikabaki zilivyo. Nikajaribu: malkia a6, askari anamla, askari mweupe b7, mati. Askofu akihama, malkia anakula a7, mati. Nikafurahi. Nikaubeba ubao hadi barazani kwa mjomba wangu, mtu wa bao hasa, ambaye sataranji alijifunza ukubwani na hakuwa na mazoea ya kushangazwa na kete kubwa.

Alikaa nao kidogo, akakinyanyua kidevu kuelekea kona ya kulia.

“Mjomba,” akaniambia, maana sisi kule tunaitana hivyo wote wawili, “huyu malkia akienda kule pembeni nani atamzuia?”

“Wapi, mjomba?”

“Kule. H1.”

Nikatazama. Kutoka h1 hadi a8 kuna mshazari mmoja ulionyooka, na juu yake hakuna kete hata moja isipokuwa askari mweusi wa b7. Malkia akisimama h1 anatishia kumla askari huyo, na mfalme mweupe analinda b7. Askari wa b7 mwenyewe hawezi kusogea. Askofu mweusi anakaa kwenye miraba ya rangi nyeusi na mshazari ule wote ni wa miraba myeupe, kwa hiyo hata akihangaika vipi hawezi kukinga. Askari wa a7 acheze a6, acheze a5, amle wa b6, haibadilishi kitu. Malkia anakula b7 na ni mati. Fumbo langu lilikuwa na ufunguo wa pili, tena ule usiotoa hata kete.

Kosa lilikuwa dogo na linajirudia kwa watunzi wengi. Nilikagua hatua niliyoipenda mara kumi, na hatua nisizozipenda sikuzikagua hata mara moja. Malkia ana nguvu zote za ngome na zote za askofu, na zile nguvu za ziada ambazo wazo langu halikuzihitaji hazikwenda kulala. Zilikuwa pale, zikitafuta kazi. Ukitaka kujua ufunguo wa pili utatokea wapi katika fumbo lako, anza na kete yako yenye nguvu kuliko zote, ujiulize ni mistari gani inaitawala ambayo huihitaji. Huko ndiko utakakoukuta.

Nilirudi nyumbani nikajaribu kuziba. Niliweka askari mweupe g2, akakatiza ule mshazari, na h1 ikafa. Kulikuwa na mlango mwingine niliouogopa, malkia kwenda g7 na kuitishia b7 kwa mstari wa 7, lakini huo askofu anaukinga mwenyewe kwa kuingia c7. Nikadhani nimepona. Kisha nikatazama tena baada ya malkia kusimama a6. Askofu akihama, malkia anaweza kula a7, ni mati. Anaweza pia kula b7, ni mati vilevile. Kwa kila hatua ya askofu, na ziko sita, kulikuwa na mati mbili. Tena ule mkazo wa Mweusi kulazimika kucheza ulikuwa umetoweka, kwa sababu malkia wa a6 tayari anatishia b7. Mweusi hata angeruhusiwa kupisha zamu angekufa. Nilikuwa nimeziba tundu moja kwa askari asiye na kazi nyingine, na fumbo lenyewe lilikuwa limegeuka kuwa kitu kingine, kibovu zaidi.

Dawa haikuwa kiraka. Dawa ilikuwa kumtoa malkia na kurudisha ngome, yaani kurudi palepale alipokuwa Morphy. Tangu hapo, nikipata ufunguo wa pili huwa siulizi kwanza ni askari gani wa kuongeza. Nauliza kama kete iliyosababisha inaweza kubadilishwa kwa iliyo dhaifu zaidi, au kama fumbo zima linaweza kusogezwa safu moja ubaoni ili mstari hatari ukatike wenyewe kwenye ukingo. Kiraka kinakuja mwisho, na nacho nakipa masharti: kifanye kazi nyingine zaidi ya kuziba.

Kuna ubovu wa upande wa pili, ule wa kufuli lisilofunguka, na ni rahisi kuuona kwenye nafasi hiihii. Mwongezee Mweusi askari mmoja tu, mbali kabisa, h7. Hamgusi mtu, hatishi kitu, utasema ni pambo. Sasa cheza ngome a6. Mweusi anasogeza askari wake h6, basi. Askofu bado yuko b8, askari wa b7 bado yuko mahali pake, na Mweupe hana mati. Fumbo linalotegemea Mweusi kukosa pumzi linaharibiwa na hatua moja ya akiba, hata iwe upande wa pili wa ubao. Ndiyo maana katika mafumbo ya aina hii nahesabu hatua za Mweusi kabla ya kitu kingine chochote. Yale yanayotegemea tishio yana shida yake tofauti: humo Mweusi anaweza kuwa na hatua ishirini zisizo na maana na zote zikafa kwa tishio lilelile, lakini lazima uhakikishe hakuna cheki aliyoisahau mtunzi, kwani cheki ya Mweusi huvuruga tishio lolote.

Siku hizi kazi ya kuhesabu tunaisaidiwa na programu. Inayotumika sana na watunzi ni Popeye, ambayo haichezi sataranji bali inapima mafumbo tu. Unaiandikia nafasi kwa maneno machache, K kwa mfalme, R kwa ngome, B kwa askofu, P kwa askari, kisha agizo:

```
BeginProblem
Pieces
White Kc8 Ra1 Pb6
Black Ka8 Bb8 Pa7b7
Stipulation #2
Option Variation Try
EndProblem
```

Alama ya #2 maana yake ni mati kwa hatua mbili. Programu inapitia kila hatua ya Mweupe na kila jibu la Mweusi, inatoa funguo zote inazozipata, na kwa sababu tumeandika Try inatuonyesha pia hatua zilizokaribia, kila moja na jibu linaloivunja. Ukiona ufunguo zaidi ya mmoja, rudi mezani. Ukiona hakuna hata mmoja, rudi mezani vilevile. Nawashauri wanaoanza wahesabu kwa mkono kwanza, hata kama ni fumbo la kete kumi na mbili, ndipo waipe programu. Programu itakuambia h1 inafungua. Haitakuambia kwamba tatizo ni malkia, na hilo ndilo unalohitaji kulijua ili utengeneze.

Na kabla ya kulituma popote fumbo lililopita mitihani hii yote, litafute kwenye hazina za mafumbo. Watunzi wamekuwa kazini kwa karne nyingi, na nafasi ndogo zenye kete saba au nane zimechimbwa sana. Unaweza kutunga kitu kwa jasho lako mwenyewe ukakuta mtu alishakichapisha kabla babu yako hajazaliwa. Hiyo si aibu, ila jina litakaloandikwa ni lake.

Kwa mjomba nilirudi wiki iliyofuata nikiwa na ngome a1, na nikamwambia wazi kwamba hili si langu. Akaipeleka h1 kwanza, kwa mazoea. Nikala b6 kwa askari. Akairudisha ngome a1, akaniangalia, akaipeleka a5. Nikasogeza askari a6. Akairudisha tena. Kahawa ilipoa kwenye kikombe chake na waliokuwa wakisubiri zamu ya bao walianza kuhesabu kete zao upya. Mara tatu aliishika ngome akaipandisha hadi a6, na mara tatu, kabla hajaiachia, alimtazama askari wa b7 na kuirudisha chini. Mara ya nne aliiachia.

“Kula,” akasema.

Nikaila ngome. Hata sikuwa nimeitoa ubaoni, askari wake alishafika b7.